Dakika Tano Mbele ya Wananzengo: Hotuba ya Kunawa Mikono kwa Sabuni

Swali hili linarudi kila mara kutoka kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu wa shule za msingi na akina mama wenye vikundi vya kuweka na kukopa katika vijiji vya Bariadi, Itilima, Maswa, Busega na Meatu. Mtendaji amempa mtu dakika tano kwenye mkutano wa kijiji ahimize kunawa mikono. Aseme nini, ikiwa kila aliyekaa pale chini ya mti atajibu, "Sisi mbona tunanawa"?

Na kweli wananawa. Katika nyumba za Wasukuma hakuna anayeutia mkono ugali kabla maji hayajapita. Mtoto wa nyumba huleta jagi na beseni, huanza na mgeni, humalizia kwa wadogo. Desturi ipo na ina heshima yake. Kinachokosekana ni sabuni, na mara nyingi si kwamba nyumba haina. Kipande cha sabuni ya mche kipo karoni kinasubiri vyombo, au kipo kwenye ndoo ya nguo. Pembeni ya beseni la kunawia hakipo, na chooni hakipo.

Kwa hiyo msemaji anayesimama kuhimiza watu "wanawe mikono" anawaambia jambo wanalolijua, nao watampigia makofi na kwenda zao. Hotuba yenye kazi inaanzia pale desturi inapoishia.

Mkoa wa Simiyu una sababu ya kulisikiliza jambo hili. Mwishoni mwa 2023 na kuingia 2024 ulikuwa miongoni mwa mikoa ya Kanda ya Ziwa iliyopatwa na kipindupindu, ugonjwa ambao vimelea vyake hutoka kwenye kinyesi na kuingia mdomoni kwa njia ya maji, chakula na mikono. Msikilizaji wa Bariadi hahitaji kusimuliwa ugonjwa wa mbali.

Chagua jambo moja, acha mengine

Kosa la kwanza la wasemaji wengi ni kubeba kila kitu: choo bora, kuchemsha maji, kukata kucha, kufunika chakula, usafi wa mazingira. Yote ni ya kweli, lakini mkutano wenye ajenda za michango ya shule na mgogoro wa malisho hauna nafasi ya kuyapokea yote. Hotuba ya dakika tano ibebe ujumbe mmoja: maji matupu yanapunguza uchafu, sabuni inauondoa.

Hata nyakati za kunawa zipunguzwe. Vitabu vya afya hutaja nyakati tano au zaidi, na mtu akitajiwa tano anakumbuka moja. Kwenye mkutano zitajwe mbili tu:

- Ukishatoka chooni au ukishamsafisha mtoto aliyejisaidia.
- Kabla ya kushika chakula, iwe ni kupika, kula au kumlisha mtoto.

Hilo la mtoto lisirukwe. Watu wengi huamini kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara kwa kuwa hajaanza kula chakula kizito. Mama humfuta, huitumbukiza nepi ya kitambaa kwenye beseni, hupangusa mikono kwenye kanga na kurudi kwenye sufuria. Kinyesi cha mtoto hubeba vimelea vya kuharisha kama cha mtu mzima.

Hotuba yenyewe

Maneno yafuatayo, yakisomwa bila haraka, yanachukua kama dakika tatu, na mbili zinazobaki ni za onyesho. Msemaji ayabadilishe yaendane na kijiji chake, lakini asiyarefushe.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu Mtendaji, wazee wetu, akina mama, akina baba na vijana, mwadila!

Sijaja kuwafundisha kunawa. Sisi sote tumelelewa kunawa kabla ya kula. Nimekuja kuomba jambo moja dogo liongezwe kwenye lile tunalolifanya kila siku, nalo ni sabuni.

Akina mama, sufuria lililopikiwa mboga ya mafuta ukilisuuza kwa maji matupu linatakata? Halitakati. Maji yanateleza juu, mafuta yanabaki chini. Mkono wa mtu nao una mafuta. Ngozi yenyewe inatoa mafuta, maziwa yana mafuta, mboga ina mafuta. Uchafu wa chooni, ule usioonekana kwa macho, unanata kwenye mafuta hayo. Maji yanapita juu yake. Sabuni inayashika mafuta, inayabandua pamoja na uchafu wake, na maji yanayafuatisha yote chini.

Wataalamu walilipima jambo hili. Waliwaambia watu washike vitasa vya milango na vyuma vya kushikilia mahali penye watu wengi, kisha wakawapima mikono. Walipokaa bila kunawa, katika kila vipimo mia moja, arobaini na vinne vilikutwa na vimelea vya aina inayotoka kwenye kinyesi. Waliponawa kwa maji matupu, ishirini na vitatu. Waliponawa kwa maji na sabuni, vinane. Maji yamesaidia, ndiyo. Lakini nani kati yetu angekubali mtoto wake alishwe na mkono mmoja kati ya ile ishirini na mitatu?

Ninaomba mambo mawili. Kila kaya iweke sabuni karibu na choo. Na pale lile jagi la kunawia linapoletwa, sabuni ije pamoja nalo. Tunawe tukishatoka chooni au tukishamsafisha mtoto, na tunawe kabla ya kushika chakula.

Sasa namwomba Mwenyekiti na mama mmoja waje hapa mbele, tuone kwa macho yetu wenyewe. Wabeja sana."

Namba hizo si za kubuni kwa ajili ya jukwaani. Utafiti ulifanywa na watu wa Chuo cha Usafi na Tiba za Kitropiki cha London na kuchapishwa 2011. Watu 20 walijitolea, na vipimo vyote vilikuwa 480. Sabuni iliyotumika ilikuwa ya kawaida, isiyo na dawa ya kuua bakteria. Msemaji akiulizwa namba zimetoka wapi, hilo ndilo jibu.

Salamu nayo ifuate saa. Mkutano wa asubuhi husalimiwa "mwangaluka", na "mwadila" ni ya mchana. Msemaji asiyejua Kisukuma vizuri asijilazimishe zaidi ya salamu. Amwombe mtu anayeheshimika asimame karibu naye amtafsirie, hasa wazee wakiwa wengi.

Onyesho: mafuta, vumbi la mkaa na pamba

Mtu husahau maneno, lakini akikiona kitu hukisimulia nyumbani jioni. Vifaa ni vya nyumba yoyote ya Bariadi:

- Mafuta ya kupikia, kijiko kimoja cha chai.
- Mkaa uliotwangwa ukawa unga laini na kuchekechwa, nusu kijiko. Mdalasini wa unga unafaa vilevile.
- Majagi mawili yenye maji sawa, beseni, na kipande cha sabuni ya mche.
- Pamba nyeupe, iwe ya shambani iliyochambuliwa mbegu au ya dukani.

Changanya mafuta na mkaa. Wapake watu wawili viganjani, kidogo tu, kiasi cha kuacha rangi ya kijivu. Wasugue mpaka ienee kwenye vidole. Wa kwanza anawe kwa maji matupu huku mkutano mzima ukihesabu kwa sauti hadi 20. Wa pili anawe kwa sabuni, hesabu ileile, kiasi kilekile cha maji. Kila mmoja apewe bonge la pamba ajifute kati ya vidole na kwenye kucha. Mabonge hayo mawili yapitishwe mkono kwa mkono hadi nyuma kabisa, kwa wale waliokaa kwenye mizizi ya mti na wasioona mbele.

Msemaji atangulie kusema wazi kwamba mkaa si vijidudu. Mkaa unaonyesha tu jinsi uchafu ulioshikamana na mafuta unavyokataa maji. Mwanafunzi wa kidato cha pili akiuliza, "Vijidudu ni vyeusi?", msemaji awe ameshamaliza hoja hiyo mapema.

Mahali onyesho linapoharibikia

*Manjano.* Wengi hufikiria kutumia unga wa manjano kwa kuwa una rangi kali. Usitumie. Manjano yakikutana na sabuni hugeuka mekundu kama damu, kwa sababu sabuni ina asili ya magadi. Mkutano utaangua kelele, na tangu hapo hakuna atakayesikiliza habari ya mikono.

*Mafuta mazito mno.* Grisi, oili chafu ya pikipiki au masizi ya sufuria havitatoka hata kwa sabuni ndani ya sekunde 20, na msemaji atakuwa amethibitisha kinyume cha alichokusudia. Onyesho lijaribiwe nyumbani siku moja kabla, kwa vifaa vilevile.

*Kupendelea upande wa sabuni.* Mtu wa maji matupu akipewa maji kidogo au akiharakishwa, kuna mzee pale ataliona hilo na atalisema. Maji yawe sawa, muda uwe sawa. Tofauti ibaki sabuni peke yake.

*Kuchagua mtu wa kuaibisha.* Asiitwe mama mwenye watoto walioharisha juzi, wala kijana anayejulikana kwa uchafu. Aitwe kiongozi. Mwenyekiti akionekana na mkono mweusi baada ya maji matupu, hakuna kaya itakayojiona imenyooshewa kidole, na ujumbe unasafiri mbali zaidi.

Maswali yatakayoulizwa, na namna ya kuyajibu

Hapa ndipo hotuba nyingi hufia. Msemaji amemaliza vizuri, mkono unanyooshwa, naye anajibu kwa kukaripia. Pingamizi za wananzengo mara nyingi zina ukweli ndani yake, na jibu zuri huanza kwa kuukubali ukweli huo.

*"Babu zetu walinawa kwa maji na walifika uzeeni."* Waliofika uzeeni ndio tunaowaona. Msemaji asilijibu kwa ukali, aulize tu taratibu: katika uzao wa bibi zetu, ni watoto wangapi waliozikwa kabla ya kufikia miaka mitano? Wazee wenyewe watajibu, maana wanayakumbuka majina. Baada ya hapo akubali kwamba maji ni bora kuliko kutonawa kabisa. Utafiti wa vijijini Bangladesh uliochapishwa 2011 ulionyesha hivyo: katika nyumba ambako anayepika alinawa hata kwa maji matupu, watoto waliharisha kidogo kuliko kwa asiyenawa, na kwa anayenawa kwa sabuni waliharisha kidogo zaidi. Kumwambia mtu kwamba desturi yake haina maana yoyote ni uongo, na pia kunamfanya azibe masikio.

*"Mikono yangu haina uchafu, tazama."* Onyesho limeshajibu nusu ya swali. Nusu nyingine inajibiwa na Bagamoyo. Watafiti walipima huko maji ya kunywa ya kaya na mikono ya watu, wakakadiria kiasi cha kinyesi ambacho mtoto mdogo humeza kwa siku kwa kila njia. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kwamba kinachoingia mdomoni kwa mikono ni kingi kuliko kinachoingia kwa maji ya kunywa. Mikono hiyo haikuwa na matope. Ilikuwa mikono ya kawaida kama ya mtu yeyote aliyepo mkutanoni.

*"Maji yenyewe hatuna, mnatuletea habari ya sabuni?"* Swali hili ni zito na lisidharauliwe. Katika vijiji vingi vya Simiyu akina mama na wasichana huchota maji kwenye malambo au huchimba mchanga wa mto uliokauka, na ndoo moja hupigiwa hesabu. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria hauwezi kuwa jibu kwa mtu anayepika leo jioni. Jibu ni kwamba kunawa kwa sabuni hakuhitaji maji mengi. Glasi moja ndogo inatosha: kidogo cha kulowanisha, kisha sabuni na kusugua bila kumwaga hata tone, kisha kinachobaki ni cha kusuuzia. Wanaopoteza maji ni wale wanaoyaacha yamwagike huku wakisugua.

Na maji ya lambo je? Yanafaa kunawia pamoja na sabuni kama hakuna mengine. Kunywa ni jambo jingine, hayo yachemshwe au yatiwe dawa. Pale kijiji kinapokuwa na kipindupindu, maji ya kunawia nayo yatiwe dawa ya klorini kwa kufuata maelekezo ya watu wa afya.

*"Sabuni ni gharama."* Hapa hesabu inasaidia kuliko mawaidha. Huko Bangladesh watafiti walijaribu maji ya sabuni: gramu 30 za sabuni ya unga ya kufulia, sawa na pakiti ndogo, katika lita moja na nusu ya maji. Chukua chupa tupu ya maji ya lita 1.5, tia unga, jaza maji, tikisa, toboa kifuniko kwa sindano ya moto. Tuseme kila anayenawa anaminya kiasi cha kijiko cha chai, yaani mililita 5. Chupa ina mililita 1,500, kwa hiyo inatoa minawo 300. Kaya ya watu sita ambao kila mmoja ananawa mara tano kwa siku inatumia minawo 30. Chupa moja inafika siku kumi. Kila kaya ikijua bei ya pakiti dukani kwake, itapata gharama ya siku moja bila kuambiwa na mtu.

Chupa hii ina faida nyingine ambayo wazoefu wanaijua. Kipande cha sabuni kikiachwa nje ya choo huibwa, huliwa na mbuzi au hubebwa na kunguru. Maji ya sabuni hakuna anayeyaiba. Na pale kisima kinapokuwa na maji ya chumvi, ambayo hukataa kutoa povu kwa sabuni ya mche, sabuni ya unga hufanya kazi vizuri zaidi. Iandikwe tu kwa nje kwamba ni sabuni, na iwekwe mahali ambapo mtoto hawezi kuinywa.

*"Majivu hayafai?"* Yanafaa kuliko maji matupu pale ambapo sabuni hakuna kabisa, kwa kuwa yanasaidia kusugua na yana asili ya magadi. Lakini ushahidi wake ni hafifu kuliko wa sabuni, na majivu yaliyolala nje kwenye lundo huwa yamepitiwa na kuku. Anayeyatumia achukue ya jikoni, yaliyopoa, siku hiyohiyo. Wanaopima hali ya usafi duniani hawayahesabu sawa na sabuni.

*"Ninunue ile sabuni yenye dawa ya kuua vijidudu?"* Si lazima. Huko Karachi, Pakistan, utafiti uliochapishwa 2005 ulizigawia kaya sabuni, baadhi yenye dawa na baadhi ya kawaida, pamoja na kuzihimiza kunawa. Kuharisha kwa watoto kulipungua kwa takriban nusu katika makundi yote mawili, na nimonia kwa walio chini ya miaka mitano ilipungua kwa nusu vilevile. Sabuni yenye dawa haikuizidi ya kawaida. Sabuni ya mche inatosha. Maji ya moto nayo hayahitajiki, kwani sabuni hufanya kazi hata kwa maji ya baridi.

*"Na sisi wa mashamba ya pamba?"* Swali la kwao, na linastahili jibu lake. Aliyepulizia viuatilifu asiamini kwamba maji matupu yamemtoa dawa mikononi. Dawa nyingi za wadudu huwa na mafuta ndani yake na hushika ngozi. Anawe kwa sabuni kabla ya kula, kuvuta sigara au kumbeba mtoto, kisha aoge na kubadili nguo.

Sabuni ikae pale mkono unapopita

Mtu aliyeelewa hotuba yote atashindwa bado kama sabuni iko ndani ya nyumba na choo kiko nyuma ya zizi. Dawa yake ni kibuyu chirizi, ambacho wengi wamekiona shuleni. Asili yake ni Zimbabwe, ambako wataalamu wa usafi walianza kukitengeneza kwa kibuyu halisi. Siku hizi hutumika kidumu cha lita 5.

1. Simika nguzo mbili zenye panda, umbali wa hatua moja, na uweke mti wa kulala juu yake.
2. Toboa kidumu kwa msumari wa moto, tundu moja dogo upande wa mbele, kama sentimita 12 chini ya kifuniko. Tundu kubwa linamaliza maji.
3. Pitisha mti wa kulala kwenye mkono wa kidumu.
4. Funga kamba shingoni mwa kidumu, ishuke hadi kwenye kijiti kilicholala chini. Ukikanyaga kijiti, kidumu kinainama na kuchirizika.
5. Toboa kipande cha sabuni, kining'inize kwa kamba pembeni, na ukifunike juu kwa nusu ya chupa ya plastiki kuzuia jua na mvua. Au ning'iniza chupa ya maji ya sabuni.
6. Mwaga kokoto chini, matope yasijikusanye.

Faida ya kijiti cha kukanyagia ni kwamba mkono mchafu haugusi kitu kitakachoguswa na mkono safi. Ndiyo sababu beseni moja ambalo watu kumi huchovya mikono ndani yake ni mtego: anayenawa wa mwisho ananawa kwa uchafu wa tisa waliomtangulia. Maji yamiminwe juu ya mikono, yasichovywe.

Onyo moja la Usukuma lisisahaulike. Kidumu kisiwe kile kilichobeba viuatilifu vya pamba, hata kikioshwa mara ngapi. Vidumu vya namna hiyo vinazagaa msimu wa kupulizia, na vinavutia kwa sababu vina ukubwa unaofaa. Vichukuliwe vya mafuta ya kula pekee.

Kabla Mwenyekiti hajafunga mkutano

Mkutano wa kijiji hukutana kisheria kila baada ya miezi mitatu, na hilo ni bahati: kuna tarehe ya kurudi na kuulizana. Msemaji aombe jambo liandikwe kwenye muhtasari kama azimio, lenye siku na mtu wa kufuatilia. Azimio liwe dogo. "Kaya zote za kitongoji hiki ziwe na maji na sabuni karibu na choo ifikapo mkutano ujao" linatosha. Faini zisitangulie. Kaya itakayoweka kidumu kwa kuogopa faini itakiweka kikavu.

Tanzania ilishawahi kufanya hivi kwa upana wa nchi nzima. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, takriban watu milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio pamoja, wakajadili, kisha wakaamua kazi ya kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Waliofanikiwa walikuwa wale waliotoka kikaoni na kazi yenye siku yake.

Ufuatiliaji nao una ufundi. Asiulize mtu, "Mnanawa kwa sabuni?" Kila kaya itajibu ndiyo, na si kwa ubaya. Mkaguzi aende aangalie mambo matatu kwa macho:

- Kidumu kina maji au kimekauka?
- Sabuni ina unyevu na imepungua, au ni kavu yenye vumbi?
- Ardhi chini ya kidumu ina dalili za maji ya leo?

Sabuni kavu yenye vumbi inamaanisha imewekwa kwa ajili ya mgeni. Hapo mkaguzi asigombe. Aulize kinachowakwamisha, kwa maana mara nyingi ni maji kuisha au watoto kutofikia kijiti.

Pale sabuni inapoishia

Msemaji asiahidi kupita kiasi. Sabuni haiponyi kichocho kinachoingia kwa ngozi mtu akioga au kuvua samaki kwenye maji yenye vimelea, haichukui nafasi ya choo, na haitengenezi maji ya kunywa yawe salama. Mikono iliyonawiwa vizuri huchafuka tena: watafiti waliofuatilia akina mama Dar es Salaam waliona vimelea vikirudi mikononi baada ya shughuli za kawaida za nyumbani. Ndiyo maana kunawa kunafungwa na saa ya chakula na saa ya choo. Kunawa mara moja asubuhi hakutoshi.

Na mtu akianza kuharisha maji maji mfululizo, hasa mtoto, sabuni imeshachelewa. Aanze kupewa maji ya chumvi na sukari ya dukani yaliyochanganywa kwa maelekezo ya pakiti, mtoto aendelee kunyonya, na safari ya kwenda zahanati iliyo karibu ianze muda huohuo. Kipindupindu kinaweza kumuua mtu mzima ndani ya saa chache, na anayepewa maji mapema mara nyingi hupona. Namba ya simu ya mhudumu wa afya wa kitongoji isomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, na isomwe mara mbili.